Sini, kosini au tanjenti? Kuchagua ukiwa na picha ya mchoro tu

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. Ni picha ya kenchi iliyochorwa kwa penseli kwenye kipande cha plaiwudi, pengine katika nyumba inayojengwa Kondele, Kisumu, na chini yake maneno haya: "Mwalimu, hapa ni sin ama cos?" Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeko Kakamega au Nakuru hutuma swali lilo hilo, ila picha yake ni ya ukurasa wa daftari, imepigwa upande upande na kivuli cha simu kimelala juu ya mchoro.

Umbo la pembetatu kwenye skrini halikujibu. Jibu liko kwenye mambo mawili: pembe ipi inahusika, na pande zipi mbili zina lebo. Ukishayajua hayo, uwiano unabaki mmoja tu kati ya ile mitatu. Kazi kubwa ni kuyasoma sawasawa kutoka kwenye picha.

Tuishike kenchi hiyo ya Kondele mpaka mwisho. Paa lina miteremko miwili iliyo sawa. Boriti ya chini inalala kutoka ukuta hadi ukuta, mbao mbili za mteremko zinakutana kileleni, na mbao ya wima inashuka kutoka kileleni hadi katikati ya boriti. Ukichukua nusu ya kushoto peke yake unapata pembetatu yenye pembe mraba: nusu ya boriti ni mita 3.6, mbao ya wima ni mita 1.5, na mbao ya mteremko, kutoka ukutani hadi kileleni, ni mita 3.9. Pembe mraba iko pale mbao ya wima inapokutana na boriti. Pembe tunayoitaka, tuiite θ, iko kwenye ukuta, kati ya boriti na mbao ya mteremko. Hiyo ndiyo pembe ya paa.

Majina kwanza

Haipotenusi ni upande unaotazamana na pembe mraba, basi. Si upande ulioinama, wala si ule wa juu. Kwenye kenchi mbao ya mteremko imeinama kweli, ndiyo maana watu huzoea kutafuta mstari uliolala kimshazari. Lakini simu ikigeuzwa picha inazunguka, na mbao ya mteremko inaweza kuonekana imelala bapa huku pembe mraba ikiwa juu kama kilele. Tafuta kisanduku kidogo cha pembe mraba, kisha vuka pembetatu hadi upande ambao hauligusi lile pembe lenye kisanduku. Huo ndio haipotenusi, picha iwe imegeuzwa vyovyote.

Majina mawili yaliyobaki hayana makao ya kudumu. Yanategemea umesimama kwenye pembe ipi. Ukisimama ukutani kwenye θ, upande unaokutazama kutoka ng'ambo ni mbao ya wima, mita 1.5: huo ni mkabala. Upande unaoungana nawe hapo ulipo, lakini si haipotenusi, ni nusu ya boriti, mita 3.6: huo ni jirani. Sasa panda hadi kileleni, usimame kwenye pembe iliyo kati ya mbao ya wima na ile ya mteremko. Boriti, iliyokuwa jirani, sasa ni mkabala, na mbao ya wima imekuwa jirani. Hakuna mbao iliyosogea. Wewe ndiye uliyehama.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kikokotoo, fungua sehemu ya kuchora juu ya picha kwenye simu, zungushia duara pembe inayohusika, kisha andika H, M na J kwenye pande tatu. Anza na H kwa sababu hiyo haibadiliki, fuatisha M, na J itajitokeza yenyewe. Anayeanza na jirani hukosea mara nyingi, kwa kuwa kila pembe kali inaguswa na pande mbili na ni rahisi kuchukua haipotenusi ukidhani ndiyo jirani.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Pande zenye lebo | Uwiano | Kwenye kenchi hii |
|---|---|---|
| mkabala na haipotenusi | sini = M ÷ H | 1.5 ÷ 3.9 = 0.3846 |
| jirani na haipotenusi | kosini = J ÷ H | 3.6 ÷ 3.9 = 0.9231 |
| mkabala na jirani | tanjenti = M ÷ J | 1.5 ÷ 3.6 = 0.4167 |

Ni yale yale ya SOHCAHTOA inayoimbwa darasani. Ukizirudisha namba hizo tatu kuwa pembe kwa kubonyeza SHIFT na kitufe cha uwiano husika, zote zinatoa nyuzi 22.62. Hapo ndipo watu huuliza: kama zote zinafika pamoja, kuchagua kuna maana gani? Kuna maana kwa sababu kwenye mchoro wa kawaida huwekewi lebo tatu. Unapewa mbili na unatakiwa uwiano unaotumia hizo mbili tu. Fundi akikuandikia 1.5 na 3.6, kosini na sini haziwezekani bila kwanza kutafuta 3.9 kwa Pithagorasi. Unaweza kufanya hivyo, ila ni kuzunguka mlima wakati njia ya mkato iko wazi, na ukikadiria haipotenusi njiani kosa hilo dogo linabebwa hadi kwenye jibu.

Pale ambapo lebo ni namba moja na herufi moja, hesabu ni ile ile. Herufi nayo ni lebo. Tuseme picha inaonyesha nyuzi 22 ukutani, 3.6 kwenye nusu ya boriti, na x kwenye mbao ya mteremko. Pande zinazohusika ni J na H, kwa hiyo ni kosini: cos 22° = 3.6 ÷ x, ikimaanisha x = 3.6 ÷ 0.9272 = mita 3.88. Kama x imeandikwa kwenye mbao ya wima, pande ni M na J, kwa hiyo ni tanjenti: x = 3.6 × 0.4040 = mita 1.45. Na sini? Hapa inafaa kuhakiki kazi. Gawanya 1.45 kwa 3.88 upate takribani 0.374. Sini ya nyuzi 22 ni 0.3746, kwa hiyo majibu mawili yanakubaliana.

Angalia tofauti ya hatua katika mifano hiyo miwili. Kwenye tanjenti x ilikuwa juu ya mstari wa kugawanya, tukazidisha. Kwenye kosini ilikuwa chini, tukagawanya. Anayezidisha kila mara, kwa mazoea, atapata 3.6 × 0.9272 = mita 3.34 kwa mbao ya mteremko. Jibu hilo linajikana lenyewe, maana haipotenusi imekuwa fupi kuliko boriti ya mita 3.6, na haipotenusi haiwezi kamwe kuwa fupi kuliko upande mwingine wowote wa pembetatu yake.

Ipi hukuonya ukikosea

Jambo hili halipewi nafasi ya kutosha darasani, na kwa maoni yetu ndilo linalozitenganisha hizi tatu zaidi ya kitu kingine.

Sini na kosini zina haipotenusi chini ya mstari, kwa hiyo matokeo yake hayavuki 1 kwenye pembetatu yoyote ya namna hii. Ukizigeuza juu chini, ukaandika 3.9 ÷ 1.5, unapata 2.6. Omba pembe ambayo sini yake ni 2.6, kikokotoo kitakataa na kuandika Math ERROR. Umeonywa bure.

Tanjenti haina adabu hiyo. Inaweza kuwa namba yoyote kubwa au ndogo. Geuza 1.5 ÷ 3.6 iwe 3.6 ÷ 1.5, upate 2.4, na kikokotoo kitakupa nyuzi 67.38 bila kusita. Namba inaonekana safi. Tena ni pembe halisi ya pembetatu hiyo hiyo, ila ni ile ya kileleni, kwa kuwa 22.62 na 67.38 zinajumlika kuwa 90. Ukichanganya sini na kosini kwa pande sahihi unaangukia shimo lilo hilo: ukiwa na 1.5 na 3.9, ukabonyeza kosini badala ya sini, kitatoka 67.38.

Kipimo cha haraka kipo, na hakihitaji kikokotoo. Linganisha mkabala na jirani. Mkabala ukiwa mfupi kuliko jirani, pembe iko chini ya nyuzi 45. Ukiwa mrefu, iko juu ya 45. Kwenye kenchi yetu 1.5 ni fupi kuliko 3.6, kwa hiyo 67.38 ukutani haiwezekani. Mabati yangesimama karibu kama ukuta. Lakini usifanye kipimo hiki kwa kutazama urefu wa mistari kwenye picha. Tumia namba zilizoandikwa. Anayechora kwa mkono hajali vipimo, na hata mchoro uliochapwa mara nyingi hauko kwenye skeli.

Picha inavyodanganya

Simu ikishikwa ikiwa imeinama, upande ulio karibu na lenzi hurefuka na ule wa mbali hufupika. Pembe mraba inaweza kuonekana kama ya nyuzi 80 au 100. Kwa hiyo kuweka kipimapembe juu ya skrini ni kazi bure. Picha huhifadhi maandishi na jinsi mistari inavyokutana. Ukubwa wa pembe na ulinganifu wa urefu hauaminiki mpaka iwe imepigwa kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na karatasi, na hata hapo mchoro wenyewe uwe umechorwa kwa vipimo.

Mtego mkubwa zaidi kwenye picha za paa ni lebo inayohusu kipande kirefu kuliko upande wa pembetatu. Tazama mishale midogo iliyo kwenye ncha mbili za mstari wa kipimo. Ikiwa inatoka ukuta wa kushoto hadi ukuta wa kulia, namba hiyo ni upana mzima, mita 7.2, wala si 3.6. Ukiichukua kama jirani unapata 1.5 ÷ 7.2 = 0.2083, yaani nyuzi 11.77, karibu nusu ya pembe ya kweli. Kenchi nzima haina pembe mraba kileleni wala ukutani. Pembe mraba inazaliwa na mbao ya wima ya katikati. Kama mbao hiyo haipo kwenye mchoro, ichore wewe, ugawanye boriti mara mbili, na hiyo inafaa tu iwapo miteremko miwili iko sawa.

Mbao ya mteremko nayo hutokeza nje ya ukuta ili maji ya mvua yasitiririke ukutani. Ikitokeza sentimita 60, mbao ambayo fundi ataikata ina mita 4.5, na mara nyingi ndiyo namba atakayoiandika kwa sababu ndiyo anayoinunua. Pembetatu yetu lakini inaishia ukutani. Ukitumia 4.5 kama haipotenusi, sini inakuwa 1.5 ÷ 4.5 = 0.3333, na pembe inatoka nyuzi 19.47. Tofauti ya nyuzi tatu ni ndogo ya kukupita machoni, ila mbao zilizokatwa kwa pembe hiyo hazitakaa vizuri kileleni. Hapa hakuna Math ERROR wala jibu la ajabu. Dawa ni kuuliza kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi.

Kisha kuna nukta ya desimali. Kwenye plaiwudi yenye vumbi, 3.9 huonekana 39, na kijidoa cha uchafu hugeuza 15 kuwa 1.5. Pande zote tatu zikiwa na lebo, Pithagorasi inaamua: 1.5 × 1.5 ni 2.25, 3.6 × 3.6 ni 12.96, jumla 15.21, nayo ndiyo 3.9 × 3.9. Hesabu hiyo hiyo inakusaidia kisanduku cha pembe mraba kikiwa kimekatwa nje ya picha. Ikikubali, pembe mraba ipo na inatazamana na upande mrefu zaidi. Lakini kama una lebo mbili tu na hakuna kisanduku, usibahatishe. Hujui kama 3.6 ni jirani au ni haipotenusi, na majibu ni tofauti kabisa: 1.5 na 3.6 kwa tanjenti zinatoa nyuzi 22.62, kwa sini zinatoa 24.62. Omba picha nyingine yenye kona zote tatu.

Lebo zikiwa tatu, ipi iaminiwe?

Kwenye mtihani, lebo tatu kamili hazina tatizo; chukua uwiano wowote. Kwenye jengo namba ni za futi kamba, na hapo uchaguzi una uzito. Namba 3.9 iliyoandikwa kwa desimali moja inaweza kuwa chochote kati ya 3.85 na 3.95. Tushike zile nyingine kama zilivyo, tuone pembe inayumba kiasi gani.

Kwa sini, 1.5 ÷ 3.85 inatoa nyuzi 22.93 na 1.5 ÷ 3.95 inatoa 22.32. Yumbo ni karibu nyuzi 0.6. Kwa kosini, 3.6 ÷ 3.85 inatoa nyuzi 20.76 na 3.6 ÷ 3.95 inatoa 24.30. Yumbo limefika zaidi ya nyuzi 3.5, kutokana na zile zile sentimita tano za huku na huku. Sababu ni kwamba paa likiwa la mteremko mdogo, mbao ya mteremko na boriti zinakaribiana urefu, kosini inakaa karibu na 1, na huko hubadilika polepole sana: kijisehemu kidogo cha uwiano kinabeba nyuzi nyingi.

Kwa hiyo kwa mapaa mengi ya mabati, ambayo hayafiki nyuzi 45, kosini iwe ya mwisho pale unapotafuta pembe. Tanjenti ndiyo tunayoipendelea, na si kwa sababu ya hesabu peke yake. Vipimo vyake viwili ni vya ulalo na vya wima, na hivyo fundi anaweza kuvihakiki kwa pima maji na timazi, wakati futi kamba iliyovutwa kimshazari hadi kileleni hulegea au hupimwa kutoka ukingo usio sahihi wa mbao. Tanjenti haina kinga, hata hivyo: mbao ya wima ikikosewa kwa sentimita tano, yaani 1.45 au 1.55, pembe inayumba kati ya 21.94 na 23.29. Upande mfupi ndio wa kupimwa kwa makini.

Mambo hugeuka pembe ikiwa kubwa. Ngazi iliyoegemezwa ukutani kwa nyuzi 75 hivi ina mkabala unaokaribia urefu wa ngazi yenyewe, na hapo sini ndiyo inayoyumba na kosini inatulia. Unapotafuta urefu wa upande huku pembe umepewa, habari hii haikuhusu. Fuata lebo tu.

Kwenye kikokotoo na kwenye jedwali

Kikokotoo kina namna tatu za kupima pembe, na herufi ndogo juu ya skrini inakuambia uko wapi: D kwa nyuzi, R kwa radiani, G kwa gredi. Tafuta pembe ya 1.5 ÷ 3.9 ukiwa kwenye R na utapata 0.3948, namba ya ajabu itakayokushtua. Kwenye G utapata 25.13, na hiyo haishtui mtu kwa sababu inafanana na pembe ya paa kabisa. Kabla ya kuanza, bonyeza tan 45. Ikitoka 1, uko kwenye nyuzi. Ikitoka 0.854 uko kwenye gredi, na 1.6198 ni radiani. Mabano nayo yasisahaulike:

```
SHIFT sin ( 1.5 ÷ 3.9 ) =
```

Bila mabano, baadhi ya vikokotoo hutafuta kwanza pembe ya 1.5, ambayo haipo kwenye sini, kisha vinakataa. Kwenye tanjenti, kama kawaida yake, vitakubali na kukupa jibu la uongo.

Swali likisema utumie jedwali la hisabati, kosini inatofautiana na wenzake kwa jambo moja. Sini na tanjenti hupanda pembe inavyokua, kwa hiyo tofauti zilizo kwenye safu za kulia huongezwa. Kosini hushuka, na tofauti zake hutolewa. Kwa cos 22.62° soma 22.6° upate 0.9232, nenda kwenye safu ya tofauti chini ya 2 upate 1, kisha toa kwenye tarakimu ya mwisho: 0.9231. Ukiongeza utaandika 0.9233, kosa dogo ambalo halionekani kwenye urefu wa mbao ila msahihishaji ataliona kwenye tarakimu ya nne.